Kyela Siyo Kosa: Nukta Moja Inapogeuza Mstari wa Mvua wa Mbeya na Iringa

Kuna sentensi moja ambayo ukikaa kwenye semina zetu za shahada ya pili utaisikia kabla chai ya saa nne haijafika: "Nukta hii nimeiondoa kwa sababu umbali wake wa Cook umezidi 4/n." Anayesema husema haraka, kama anayeomba radhi kwa kuchelewa. Wasikilizaji wanatikisa kichwa, slaidi inasogea mbele. Mimi pia nimewahi kuisema, na nukta niliyoiondoa ilikuwa Kyela. Nataka leo uone kwa hesabu ya mkono kwa nini sentensi ile haitoshi, na kwa nini wakati mwingine inaharibu kazi nzima.

Tuchukue swali ambalo mtu yeyote aliyekulia Nyanda za Juu Kusini anadhani analijua jibu: je, ukipanda juu, mvua inaongezeka? Nimechagua vituo saba ndani ya iliyokuwa mikoa ya Mbeya na Iringa kabla Njombe haijawa mkoa wake mwaka 2012. Mwinuko nimeuweka kwenye mamia ya mita, na mvua ya mwaka kwenye mamia ya milimita. Tarakimu ni wastani wa miaka mingi uliokadiriwa kwa mia iliyo karibu ili uweze kufuata kwa kalamu na karatasi, kwa hiyo usizinukuu kwenye tasnifu. Ukitaka za kunukuu, nenda Mamlaka ya Hali ya Hewa.

```r
kituo   <- c("Kyela","Rujewa","Iringa","Tukuyu",
             "Mbeya","Mafinga","Njombe")
mwinuko <- c(5, 11, 16, 16, 18, 19, 20)
mvua    <- c(24, 6, 7, 24, 9, 10, 11)
m <- lm(mvua ~ mwinuko)
```

Ukiiambia R ichore mstari, inakupa mwinamo wa −0.66. Maana yake, kila ukipanda mita 100 mvua inapungua kwa milimita 66 hivi. Inapungua! Mtu wa Njombe akisoma hapo atacheka. Lakini mwanafunzi aliye na siku tatu kabla ya kukabidhi hachekagi, anaandika: "Matokeo yanaonesha uhusiano hasi kati ya mwinuko na mvua."

Sasa hebu tufungue mstari huo tuone nani anauvuta.

Wastani wa mwinuko wa vituo vyetu ni 15, yaani mita 1,500. Kila kituo kina umbali wake kutoka hapo: Kyela iko 10 chini, Rujewa 4 chini, Iringa na Tukuyu 1 juu, Mbeya 3, Mafinga 4, Njombe 5. Zidisha kila umbali kwa wenyewe, jumlisha, unapata 168. Namba hiyo ishike. Nguvu ya wenzo ya kituo ni 1 gawa kwa idadi ya vituo, ukijumlisha na mraba wa umbali wake uliogawanywa kwa 168. Kwa Kyela ni 1/7 + 100/168, sawa na 0.74. Kwa Tukuyu ni 1/7 + 1/168, sawa na 0.15. Ukijumlisha za wote saba unapata 2 kamili, kwa sababu mstari una vitu viwili vya kukadiria, mwinamo na kimo. Kwa hiyo katika "kura" mbili zilizopo, Kyela peke yake ameshika zaidi ya theluthi moja, na wengine sita wanagawana zilizobaki.

Neno wenzo hapa halijatumika kwa mapambo. Fikiria mbao ya bembea ambayo egemeo lake liko mita 1,500. Mtu aliyekaa karibu na egemeo, kama Tukuyu, anaweza kuwa mzito kama tembo na mbao isiiname sana. Aliyekaa ncha ya mbali, kama Kyela, akijisogeza kidogo tu, mbao yote inainama. Na angalia kitu ambacho wengi hukisahau: katika hesabu ile ya 0.74 mvua haikuingia hata tone moja. Tumetumia mwinuko tu. Nguvu ya wenzo inakuambia nani *ana uwezo* wa kuuvuta mstari. Kama kweli anauvuta, bado hatujajua.

Ili kujua hilo, watu wengi hukimbilia kuangalia baki, yaani tofauti kati ya mvua iliyopimwa na ile ambayo mstari unasema. Hapa ndipo mtego ulipo. Baki la Kyela ni milimita 440 hivi. La Iringa ni 530 chini ya mstari, la Rujewa ni 960 chini, na la Tukuyu ni 1,170 juu. Ukipanga mabaki kwa ukubwa, Kyela anashika nafasi ya nne. Ukiangalia grafu kwa macho, utamnyooshea kidole Tukuyu, yule anayeelea peke yake juu angani, na Kyela utampita kwa sababu amekaa karibu na mstari vizuri tu.

Kumbe amekaa karibu kwa sababu mstari umemfuata yeye. Mtu mwenye nguvu ya wenzo kubwa hauachi mstari uende mbali naye. Ndiyo maana baki ghafi haliwezi kumkamata: anayeshitakiwa ndiye aliyechora ramani ya eneo la tukio.

Dawa yake ni kuuliza swali kwa namna nyingine. Badala ya kusema "Kyela yuko mbali kiasi gani na mstari?", uliza "mstari uliochorwa na wale sita wengine ungesema nini kuhusu Kyela?" Huhitaji kuchora upya. Gawa baki lake kwa 1 toa nguvu ya wenzo: 4.39 gawa kwa 0.262, unapata 16.8. Yaani wale sita, wakiachwa peke yao, wanatabiri Kyela inapata milimita 720 kwa mwaka, wakati inapata 2,400. Tofauti ya milimita karibu 1,700 ilikuwa imefichwa ndani ya baki la 440.

Na mwinamo? Ukimtoa Kyela unaruka kutoka −0.66 hadi +0.34. Alama yenyewe imegeuka. Kwa vituo saba mvua inapungua ukipanda, kwa vituo sita inaongezeka. Sentensi ya tasnifu imegeuka kichwa chini miguu juu kwa sababu ya mji mmoja wa kando ya Ziwa Nyasa.

Umbali wa Cook ni namna ya kuyaweka mambo haya mawili, uwezo wa kuvuta na umbali kutoka mstarini, kwenye namba moja. R. Dennis Cook aliupendekeza mwaka 1977 kwenye jarida la Technometrics. Ukishakuwa na baki lililosawazishwa, r, yaani baki lililogawanywa kwa kosa lake la kawaida, fomula ni hii:

D = (r²/p) × h/(1 − h)

p ni idadi ya vitu unavyokadiria, kwetu ni 2, na h ni nguvu ya wenzo. Kwa Kyela r ni 1.14, kwa hiyo sehemu ya kwanza ni 0.65. Sehemu ya pili ni 0.738 gawa kwa 0.262, yaani 2.82. Zidisha: D = 1.84. Kwa Tukuyu r ni kubwa zaidi, 1.68, na sehemu ya kwanza inafika 1.41. Lakini sehemu yake ya pili ni 0.17 tu, kwa hiyo D = 0.25. Rujewa anapata 0.34, na wengine wote wako chini ya 0.06. Ukitoa Tukuyu, mwinamo unakwenda −0.74 kutoka −0.66. Mstari unashuka kama milimita 200 hapo katikati, lakini haugeuki. Tembo yupo, ila amekaa kwenye egemeo.

Mpaka hapa umbali wa Cook umefanya kazi yake vizuri sana, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na kinachofuata.

Kanuni ya 4/n kwa vituo saba inatoa 0.57. Kyela ana 1.84, amezidi, fungua mlango atoke. Wengi wanadhani kanuni hii ni ya Cook mwenyewe. Siyo. Cook alipendekeza ulinganishe D na mgawanyo wa F wenye p na n − p kama digrii za uhuru, na sababu yake ina akili: D inapima mstari umesogea kiasi gani *kwa kipimo cha mashaka ya mstari wenyewe*. Kwa data yetu, 1.84 inaangukia kwenye asilimia 75 ya F. Maana yake, ukimtoa Kyela, makadirio mapya yanahamia hadi kwenye mpaka wa eneo la kujiamini la asilimia 75 la makadirio ya zamani. Hiyo ni safari ndefu kwa kumwondoa mtu mmoja. Mpaka wa 4/n ni njia ya mkato ya kukwambia "tazama hapa". Haukuwahi kuwa hati ya kumfukuza mtu.

Ukitaka kuona jinsi unavyodanganya, tubadilishe swali moja tu. Acha vituo vilevile, mwinuko uleule, lakini badala ya mvua weka wastani wa joto la mwaka, nao umekadiriwa kwa nyuzi kamili: Kyela 25, Rujewa 22, Iringa 20, Tukuyu 18, Mbeya 18, Mafinga 17, Njombe 16.

```r
joto <- c(25, 22, 20, 18, 18, 17, 16)
j <- lm(joto ~ mwinuko)
hatvalues(j)
cooks.distance(j)
```

Nguvu ya wenzo ya Kyela ni 0.74 ileile, kwa sababu mwinuko haujabadilika. Mwinamo ni −0.58, yaani joto linapungua kama nyuzi 0.6 kila mita 100, kitu ambacho mwanafunzi yeyote wa jiografia kidato cha nne anakijua. Sasa umbali wa Cook wa Kyela: 0.72. Umezidi 0.57! Kwa kanuni ya semina, Kyela anatoka tena.

Lakini uliza lile swali letu. Ukimtoa, wale sita wanatabiri Kyela ina nyuzi 26. Ina 25. Mwinamo unahama kutoka −0.58 kwenda −0.64. Nani ataandika tasnifu tofauti kwa ajili ya hilo? Hakuna kilichobadilika ambacho mtu wa Kyela au wa Njombe angekihisi kwenye ngozi yake. D imekuwa kubwa kwa sababu nukta zote zimeshikana sana na mstari, mashaka ni madogo, na kwa kipimo cha mashaka madogo hata hatua ndogo inaonekana ndefu. Kwa F ya Cook mwenyewe inaangukia kwenye asilimia 47, wakati kwa mvua ilikuwa 75.

Tena, kwenye joto Kyela ndiye nukta yenye thamani kuliko zote. Vituo vingine vimebanana kati ya mita 1,100 na 2,000. Yeye ndiye anayetuambia kwamba mstari unaendelea kunyooka mpaka kwenye tambarare ya ziwa. Nukta ya mbali inayokubaliana na wenzake ni shahidi aliyetoka kijiji kingine na kusimulia habari ileile. Kumfukuza shahidi wa namna hiyo kwa sababu katoka mbali ni ujinga wa hali ya juu, samahani kwa lugha.

Turudi kwenye mvua, maana huko kuna jambo zito zaidi. Nilisema r ya Kyela ni 1.14. Ukitumia kipimo kikali zaidi, `rstudent(m)`, ambacho kinakadiria mtawanyiko bila nukta yenyewe, kinapanda hadi 1.19 tu. Watu hushituka kikizidi 2 au 3. Kwa hiyo kipimo cha nukta geni kinasema Kyela ni mtu wa kawaida kabisa. Mbona basi wale sita walikosea mvua yake kwa milimita 1,700?

Jibu ni Tukuyu. Yeye, na milimita 2,400 zake pale juu, ameupanua mtawanyiko wa data nzima mpaka kila kosa linaonekana la kawaida. Mtoe Tukuyu kwanza, kisha mpime Kyela dhidi ya watano waliobaki: kipimo kilekile kinaruka kutoka 1.2 hadi 12.8. Nukta mbili zilikuwa zinafichana. Hesabu zinazotoa nukta moja moja, na umbali wa Cook ni mojawapo, haziwezi kuliona hilo, kwa sababu kila ukimtoa mmoja, mwenzake amebaki ndani anamlinda. Ukitaka kuligundua, toa nukta inayotiliwa shaka, piga hesabu upya, na uangalie kama kuna mwingine ameibuka. Kwa nukta saba ni kazi ya dakika tano.

Na hapa ndipo nilipoanguka mimi. Nilipoona 12.8 nilifurahi kama niliyekamata mwizi. Nikawatoa wote wawili. Vituo vitano vilivyobaki vilinipa mwinamo wa +0.54 na R² ya 0.87. Kabla ya hapo, kwa vituo saba, R² ilikuwa 0.21. Grafu ilipendeza ajabu: nukta tano zimejipanga kama watoto wa shule asubuhi. Nikaandika kwamba katika Mbeya na Iringa mvua inaongezeka milimita 54 kwa kila mita 100.

Aliyenizindua hakuwa mtu wa takwimu. Ni binti mmoja tuliyekuwa tunakaa naye hosteli, kwao Kyela. Alitazama skrini yangu akauliza, "Kaka, kwa mstari wako huu kwetu inanyesha kiasi gani?" Nikapiga hesabu: milimita 219. Akacheka mpaka akakaa chini. "Na mpunga wetu tunamwagilia kwa machozi?"

Panda Kosta pale Uyole uelekee Tukuyu uone kwa macho yako. Unaipanda safu ya Poroto huku nyuma yako kukiwa na ukavu wa upande wa Usangu. Ukivuka mgongo wa mlima, ukungu unakupokea, migomba inaanza, chai inaanza, na nguo ulizofua hazikauki. Siyo mwinuko ndio uliobadilika. Umebadili upande. Hewa yenye unyevu inakuja kutoka kusini-mashariki ikipita juu ya Ziwa Nyasa, inabanwa na safu ya Livingstone, inasukumwa juu kwenye miteremko ya Rungwe, inapoa, na inamwaga maji yake hapo. Kyela iko mlangoni kabisa mwa njia hiyo, Tukuyu iko ngazini. Hewa ikishavuka kuelekea Mbeya mjini na tambarare ya Usangu, imeshajimaliza. Iringa nayo imekaa nyuma ya safu ya Udzungwa kwa namna hiyohiyo: mvua kubwa inabaki kwenye miteremko ya mashariki, mji unapata salio.

Kwa hiyo zile nukta mbili "geni" hazikuwa na kosa lolote. Hakuna aliyesoma kipimo vibaya wala kuongeza sifuri. Zilikuwa zinasema kwamba kuna kitu cha pili, upande wa mlima, ambacho hakimo kwenye mstari wangu. Mimi badala ya kuwasikiliza nikawafuta, kisha nikajipongeza kwa R² ya 0.87. R² hiyo ni ya kweli kwa upande wa nyuma ya milima, na ningeandika hivyo ningekuwa sahihi. Niliandika "Mbeya na Iringa".

Unaweza kuona madhara yake ukichukua kijiji kisicho na kipima mvua. Sema kiko mita 1,300, na afisa ugani anataka kujua kama alime mahindi kwa mvua au afikirie mfereji. Mstari wa vituo saba unampa milimita 1,430. Hiyo ni mvua isiyonyesha upande wowote: kama kijiji kiko Rungwe ni kidogo mno, kama kiko ukingoni mwa Usangu ni mara mbili ya ukweli. Mstari wa vituo vitano unampa 650, ambayo Usangu inaingia akilini, lakini akiipeleka kijiji cha upande wa ziwa ataishauri familia ichimbe mfereji mahali ambapo shida yao ni maji kuozesha maharage. Mistari yote miwili imepita mtihani wa mtu fulani wa takwimu. Wa kwanza haukufutwa nukta hata moja, wa pili umefutwa kwa kufuata kanuni.

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo, nikaongeza safu ya pili kwenye data: upande wa ziwa, ndiyo au hapana.

```r
ziwa <- c(1, 0, 0, 1, 0, 0, 0)
m2 <- lm(mvua ~ mwinuko + ziwa)
cooks.distance(m2)
```

Ukitegemea nikwambie kwamba kila kitu kikanyooka, pole. Mwinamo sasa ni +0.25, alama imekaa upande unaoeleweka. Lakini nguvu ya wenzo ya Kyela imepanda hadi 0.77, na umbali wake wa Cook umefika 3.5, karibu mara mbili ya ule wa kwanza. Na ni haki yake kulalamika. Modeli hii inalazimisha pande zote mbili ziwe na mwinamo mmoja, na upande wa ziwa nina vituo viwili tu, kimoja mita 500 na kingine 1,600, vyote vikiwa na mvua ileile kwa makadirio yangu. Wao wanasema huku kwetu mwinuko haubadilishi kitu. Wale watano wanasema kwetu unabadilisha kwa milimita 54. Mashine imegawa tofauti na kutoa 25, na hakuna upande ulioridhika.

Ukiruhusu kila upande uwe na mwinamo wake, nukta mbili za ziwa zitapitiwa na mstari wao kikamilifu, nguvu ya wenzo ya kila mmoja itakuwa 1, na umbali wa Cook hautakuwepo kabisa, kwa sababu fomula inagawanya kwa 1 − h na hiyo ni sifuri. R itakurudishia `NaN`. Wengine huona `NaN` wakadhani programu ina hitilafu. Haina. Inasema kweli kuliko namba zote tulizopata leo: kuhusu mwinamo wa upande wa ziwa, huna data ya kukosoa data uliyonayo.

Kwa hiyo katika tasnifu sehemu hiyo sasa inasomeka hivi. Kwa vituo vitano vilivyo nyuma ya safu za milima, kati ya mita 1,100 na 2,000, mvua inaongezeka takribani milimita 54 kwa kila mita 100. Kyela na Tukuyu zinapata zaidi ya mara mbili ya kituo chochote kati ya hivyo, na hazikuingizwa kwenye mstari kwa sababu ziko upande unaopokea hewa ya ziwa, siyo kwa sababu ya D. Grafu ina nukta zote saba, zile mbili zimechorwa kwa rangi nyingine, na mstari unaishia Rujewa, hauendelei kushuka mpaka mita 500. Msimamizi aliuliza kwa nini R² haiko kwenye muhtasari. Nikamwonesha Kyela. Sasa natafuta rekodi za vipima mvua vya mashamba ya chai Rungwe, za Kiwira, na chochote kilichopimwa Matema, ili upande ule uwe na vituo zaidi ya viwili. Kama babu yako ana daftari la mvua la miaka ya nyuma, hata lililoliwa na mchwa pembeni, tuandikie.